Pampu inaunguruma lakini haizunguki

Leo hoteli moja ya Nungwi imefunguliwa baada ya kufungwa masika yote. Maji ya moto hayafiki vyumbani. Pampu ya kuzungushia ni ile ile wanayofunga nchi za baridi kupasha joto nyumba.

Umeme unafika, pampu inaunguruma, bodi inaunguza mkono, lakini hakuna kinachozunguka.

Hiyo ni rota iliyoganda. Inakaa ndani ya maji yenyewe, na maji yetu ya visima vya mawe ya matumbawe yana chokaa. Pampu ikilala miezi, chokaa na kutu hushika shafti.

Zima umeme kwanza, funga koki mbili za pembeni, iache ipoe. Fungua skrubu kubwa ya katikati, kwa mbele. Maji kidogo yatatoka, weka kitambaa yasiingie kwenye boksi la nyaya.

Ndani utaona ncha ya shafti ina mfereji. Tia bisibisi bapa, zungusha taratibu, kulia kisha kushoto. Usigonge kwa nyundo! Mwanzo ni ngumu kama jiwe, halafu ghafla inalegea na bisibisi inateleza yenyewe. Raha tupu.

Rudisha skrubu na pete yake ya kuzuia maji, fungua koki, washa kwa spidi ya juu.

Shafti ikiwa laini na bado inaunguruma tu, pima kapasita. Pampu mpya za elektroniki nyingi hazina skrubu hiyo.

Mafundi wa Paje na Wete, nyinyi chokaa mnaitoaje?