Barua Pepe Yangu ya Awali

Katika mwaka wangu wa kwanza kwenye kitengo cha uhasibu cha shirika moja jijini Dar es Salaam, nilikabidhiwa kazi ya kufuatilia masurufu, yaani fedha ambazo watumishi hupewa kwa ajili ya safari na baadaye hutakiwa kuzirejesha kwa risiti. Afisa mmoja wa mikoani, mtu mzima tuliyemwita Mzee, alikuwa amepitisha muda. Jumatatu nilimwandikia nikimwomba ajaze fomu niliyoiambatisha, na hadi Ijumaa alikuwa kimya.

Ijumaa mchana nikamwandikia tena: "As per my previous email, kindly note that unretired imprest will be deducted from your salary." Yaani, kama nilivyokwisha kumwandikia, azingatie kwamba masurufu yasiyorejeshwa yatakatwa kwenye mshahara wake. Mkuu wa kitengo nikamweka kwenye nakala. Nilijiona nimeandika kwa adabu, kwani "kindly" si ndiyo tafadhali yetu?

Haikupita nusu saa, simu ikalia.

"Mwanangu, nimekukosea nini hata unishitaki kwa bosi wako?"

"Shikamoo, Mzee. Sikukushitaki, nilikukumbusha tu."

"Marahaba. Ungekuwa unanikumbusha, ungetaja unachotaka na siku unayokitaka. Wewe umeandika kwamba ulishasema, mimi sikusoma, na shahidi umemleta."

Nikajitetea kwamba hata barua za serikali huanza kwa kurejea barua iliyotangulia. Akacheka. Alikuwa ameanzia kazi masijala, akanieleza kwamba kule kumbukumbu namba iliandikwa ili karani ajue jalada la kulitoa kabatini, ilhali kwenye barua pepe ujumbe wa kwanza uko pale pale chini, hakuna anayehitaji kuelekezwa ulipo. Kwa hiyo ukiutaja, kinachobaki ni lawama. Kuhusu "kindly note" alikuwa mkali zaidi. Ukimwambia mtu tafadhali tuma, alisema, ana kitu cha kutuma na anaweza hata kukuomba muda. Lakini ukimwambia tafadhali zingatia, umeshaamua, na kazi yake ni kusikia tu. Hiyo tafadhali ni kitambaa kilichofunikwa juu ya amri.

Kisha akaniambia, taratibu, nifungue hiyo barua pepe yangu ya awali. Nikaifungua. Maneno "fomu imeambatishwa" yalikuwepo, faili halikuwepo. Mzee alikuwa akisubiri nigundue mwenyewe, jambo ambalo kusema kweli nalo halikuwa la haki sana, maana angeweza kuniuliza tangu Jumatatu. Ila mimi ndiye niliyewapeleka yeye na mkuu wangu wakausome ujumbe ule wa Jumatatu.

Nikaandika upya, nakala ikiwa ileile: "Samahani Mzee, Jumatatu nilisahau kuambatisha fomu. Ninaituma sasa, naomba nipate risiti ifikapo Jumatano." Risiti zilifika Jumanne. Mkuu wa kitengo alijibu kwa neno moja, "Noted", akatuandikia sote wawili, na mpaka leo sijui lilimlenga nani.