Ukimgeuza mtu pichani, tatoo itakuumbua

Unambandika mtu kwenye picha nyingine, mwanga wake unatokea upande tofauti. Wanaokwambia "mgeuze tu, mwanga utakubali" hawajawahi kukaa na mama mzazi mbele ya kompyuta.

Ilikuwa picha ya familia ya Krismasi, Moshi, jua la asubuhi likitokea kushoto. Kijana wao yuko Doha, akatuma picha aliyopigwa barazani, mwanga ukitokea kulia. Mama alitaka asimame kando ya baba yake, mzima, kichwa hadi viatu. Studio ya kwanza ilimpiga Flip Horizontal, ikambandika. Kwa mbali, safi kabisa.

"Mwanangu, huyu ni nani?" mama akaniuliza. "Baka la mtoto wangu liko shavu la kulia." Tena ni fundi cherehani, kwa hiyo macho yakashuka kwenye kola: shati limefungwa kike, upande wa kulia juu ya wa kushoto. Na tatoo ya jina la mjukuu wake, NEEMA, imehamia mkono mwingine na kusomeka AMEEN, E na N zikitazama nyuma. Tulicheka wote.

Kuna fundi alinishauri nifute tatoo na baka nivirudishe upande wake. Sawa, na vifungo je? Nikaomba picha asilia, nikamwacha mtu alivyo, nikageuza mwanga.

Kumkata sielezi. Juu yake niliweka Curves mbili, moja ya kung'arisha na nyingine ya kutia giza, kila moja na maski nyeusi. Kwa brashi laini, Flow kama asilimia 5, nikaamsha taratibu upande uliokuwa kivulini na kuulaza ule uliokuwa unawaka. Hapo ndipo baka liligeuka jekundu kama limeungua, maana Curves ikiamsha kivuli huwa inakoleza na rangi. Badili layer iwe Luminosity, baka linatulia.

Kilichonila muda ni kola. Kivuli cha kidevu kilikuwa kimelalia shingo upande wa kushoto wa picha, na ukikiacha hapo, kichwa kinaonekana cha kuazima hata kama uso umekaa vizuri. Nilikififisha, nikapaka kingine upande wa kulia kwenye layer ya Multiply, kwa rangi ya kahawia niliyochukua shingoni mwake mwenyewe. Nyeusi inaonekana masizi.

Iliwezekana kwa sababu barazani mwanga ulikuwa laini. Picha ya jua la mchana, yenye kivuli cha pua kilichokatika kama kwa wembe, usijisumbue, omba nyingine. Na ikiwa ni selfi, soma kwanza maandishi ya tatoo au fulana, kwani simu nyingine huhifadhi picha ikiwa tayari imegeuzwa.

Nilimtoza elfu thelathini na kitu. Mama akakagua baka, vifungo, tatoo, akalipa, kisha akauliza kama naweza kumpunguza baba kitambi. Nikamwambia hiyo ina bei yake.