Siku moja ya Chifu wa meli ya mizigo: usiku saruji ilipohama

Saa 11 alfajiri niko gatini Dar es Salaam na tochi, nasoma alama za kina ubavuni mwa meli, omo kule mbele na tezi kule nyuma. Mimi ni ofisa mkuu. Mabaharia huniita Chifu. Wengi hudhani kazi yangu ni kumpokea kapteni usukani. Kazi yangu hasa ni kujua kila tani imekaa wapi.

Kuanzia saa 1 asubuhi tulipakia saruji ya kupeleka Moroni, Komoro, mifuko ya kilo 50.

Saa 4 akaja karani wa mwenye mzigo. Alitaka tani 60 zaidi ziwekwe juu ya vifuniko vya ngama, chumba cha mzigo. "Chifu, alama ya kupakilia bado iko juu ya maji. Nafasi ipo."

Kweli ilikuwa juu ya maji. Lakini alama ile inaonyesha meli imebeba uzito kiasi gani, haionyeshi uzito huo umekaa juu kiasi gani. Nikamketisha, nikamchorea. Meli ikiinama kidogo, nguvu ya maji inayoibeba husogea upande ulioinama. Mstari wa nguvu hiyo ukiupandisha juu, unakutana na mstari wa katikati ya meli kwenye nukta iitwayo metasenta. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya nukta hiyo, meli hujirudisha yenyewe. Umbali kati ya hizo mbili ndio GM.

Metasenta yetu ilikuwa mita 5.6 juu ya mkuku, uti wa chini kabisa wa meli, kitovu cha uzito mita 4.9. Hapo ni sentimita 70. Nikatoa 10 kwa sababu ya maji na mafuta yanayochezacheza kwenye matangi yasiyojaa, zikabaki 60. Meli na vyote vilivyomo ni tani 3,000, na tani zake 60 zingekaa mita 4 juu ya kitovu. Zingekipandisha karibu sentimita 8.

Karani akauliza, "Mbona IMO wanataka GM ya sentimita 15 tu?" Kumbe aliambiwa kuhusu shirika hilo la kimataifa la usafiri wa baharini. Nikamjibu kuwa 15 ni kiwango cha chini kabisa, na hesabu yake inachukulia kuwa mzigo umetulia mahali pake. Ukihama, GM ndogo huifanya meli iiname zaidi kwa uzito uleule. Akampigia bosi wake, bosi akampigia kapteni. Kapteni akasimama nami. Saa mbili zilikwisha hivyo.

Ubishi huo ulinigharimu. Wakati nachora, makuli walimalizia upande wa kushoto wa ngama wakaacha pengo kati ya ukuta wa mifuko na ubavu wa meli. Tuliliziba kwa mbao, haraka haraka. Niliona, nikaridhika, na hilo ni langu.

Saa 8 mchana tuliondoka. Zamu yangu ya jioni ilikuwa ya kawaida, ila kusi ilikuwa ikizidi. Nilihesabu meli inavyokwenda mrama: kulia, kushoto, mpaka kurudi kulia, sekunde 13. Ndivyo inavyotakiwa kwa meli ya upana wa mita 13 yenye GM ya sentimita 60.

Usiku, mashariki ya Mafia, serangi, mkuu wa mabaharia, alinigongea. "Chifu, imelala kushoto, hairudi." Kipimo kilisoma karibu digrii 4. Kapteni alikuwa ameshapunguza mwendo na kuielekeza omo kwenye mawimbi.

Ofisa kijana alitaka tujaze tangi la kulia mara moja. Nikamzuia. Meli ikilala upande isirudi, kwa kawaida sababu ni mbili. Ama uzito umehama, ama kitovu kimepanda kupita metasenta. Hiyo ya pili ukiijazia upande wa juu, inaweza kuangukia upande wa pili kwa kishindo, na huenda isisimame tena. Dawa yake ni kuanza kujaza chini, upande ulioinama. Nikachukua saa nikahesabu mrama: bado sekunde 13. Ingekuwa GM imeisha, ingekwenda kivivu, mara ilale huku, mara kule. Basi ni mzigo.

Tulimulika kupitia mlango mdogo wa ngama, bila mtu kushuka. Ukuta wa kushoto ulikuwa umebomoka, mbao zimevunjika. Nikakadiria mifuko 800, yaani tani 40, imesogea mita 3. Zidisha, upate 120. Gawanya kwa tani 3,000 mara mita 0.6: ni 0.067, tanjiti ya karibu digrii 4. Kipimo na hesabu vilikubaliana, ndipo nikapumua.

Kusawazisha 120 kulihitaji tani 30 za maji ya farumi, yale ya kuituliza meli, mita 4 kulia mwa mstari wa katikati, kwenye tangi la chini lililokuwa tupu. Tangi moja tu, na lijae hadi juu, maana likiwa nusu maji hucheza na kula GM. Pampu ilienda polepole. Sijui nilisimama muda gani mbele ya kile kipimo: tatu na nusu, tatu, mbili. Miguu ilikuwa haina nguvu.

Maji yalipofurika kwenye bomba la hewa, kipimo kilikuwa karibu na sifuri. Nikahesabu mrama tena, sekunde 13. Kapteni akasema tubaki omo kwenye mawimbi mpaka kupambazuke. Nikakaa kuandika kitabu cha safari, na kabla sijamaliza ikawa saa 10, zamu yangu ya alfajiri.