Doa la Mchele kwenye mwimo wa mlango

Kwa miaka minne nilikuwa nikifuta doa moja lilelile. Lilikuwa kwenye mwimo wa mlango wa sebuleni, shibiri moja hivi kutoka sakafuni, rangi ya kahawia, na ukilipitishia kidole unasikia mafuta. Mwenye doa ni Mchele, paka wetu dume, mweupe mwenye mabaka ya chungwa. Kila akitoka uani kuingia ndani alipita hapohapo. Alianza na pembe ya mdomo, akalaza shavu, akasukuma mpaka chini ya sikio, halafu ubavu ukafuata, na mkia ukamalizia kwa kuzunguka ubao. Nilidhani anajikuna. Kila Ijumaa nilichukua kitambaa na maji ya klorini, nikafuta mpaka ubao ukang'aa.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Ramadhani, tulipaka rangi nyumba nzima hapa Tanga. Fundi alikwangua miimo yote, akapiga rangi mpya, na sisi tukabadilisha vitambaa vya makochi na mapazia siku hiyohiyo. Siku ya tatu nikamwona Mchele amelipa pazia mgongo, mkia wima unatetemeka, na mkojo unaruka nyuma yake. Kesho yake akafanya hivyo kwenye mguu wa kochi. Keshokutwa, ukutani pale tunapotandika miswala.

Paka mwenyewe si najisi, na wengi wetu tumelelewa na hadithi ya Abu Qatada aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe. Mkojo wake ni jambo jingine. Tulikuwa tunafua miswala kila siku, na harufu haitoki. Mke wangu alivumilia wiki nzima, kisha akaniambia, "Baba Rukia, huyu paka mpeleke sokoni kwenye samaki, atajitafutia." Nilimwomba anipe mpaka mwisho wa mwezi.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Aliuliza kwanza kama amehasiwa, maana dume asiyehasiwa hurusha mkojo hata kama nyumba haijaguswa, na wengi wao huacha wakishahasiwa. Mchele alihasiwa akiwa na miezi minane. Akauliza kama anachuchumaa mara kwa mara na kutoa matone tu, kwa kuwa hiyo kwa paka dume ni dalili ya kuziba njia ya mkojo, na asipotibiwa haraka anakufa. Hapana, alikuwa anakojoa vizuri kwenye mchanga wake. Ndipo akaniuliza, "Nyumbani mmebadilisha nini?"

Nilipomweleza habari ya rangi, alimshika Mchele kichwa, akanionyesha pale kati ya jicho na sikio ambapo manyoya ni machache. Pana tezi hapo. Nyingine zipo mashavuni, kwenye pembe za mdomo na chini ya kidevu. Zinatoa mafuta yenye harufu ambayo pua zetu haziipati, na paka akisugua kichwa ndiyo anayoyapaka. Kitu kikiwa chini anatumia kidevu, kikiwa usawa wa uso anatumia shavu, kikiwa juu anainua kichwa na kutumia paji na masikio. Akipita tena na kukuta harufu yake mwenyewe, mahali pale anapajua na anatulia. Harufu hiyo hufifia, kwa hiyo lazima airudie, na ndiyo sababu lile doa langu halikuisha miaka minne.

Kwa maneno mengine, mimi na fundi tulimfutia Mchele nyumba yake yote kwa siku mbili. Kukosa utulivu kulimfanya aweke alama ile nyingine, ya mkojo. Daktari alisema ni nadra paka kurusha mkojo mahali anaposugua shavu lake. Jambo hili limefuatiliwa kitaalamu. Miaka ya 1990 daktari wa wanyama Mfaransa, Patrick Pageat, aliyachambua mafuta ya mashavu ya paka na kuyagawa mafungu kadhaa. Fungu la tatu ndilo paka anapaka kwenye vitu, na la nne kwenye wenzake anaowazoea. La tatu sasa hutengenezwa viwandani na kuuzwa kama dawa ya kupuliza, ingawa haimtulizi kila paka. Sisi hatukuinunua. Tulitumia shavu la Mchele mwenyewe.

Kwanza niliondoa mkojo. Klorini niliiacha kabisa, na dawa zenye amonia nazo hazifai, kwa sababu harufu yake inakaribiana na ya mkojo na paka hurudi palepale. Niliosha kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, sehemu moja kwa tisa za maji ya uvuguvugu, nikasuuza, nikaacha pakauke, nikamalizia kwa spiriti. Kitambaa cha kochi nilikijaribu kwanza upande wa chini kuona kama kitachuja.

Halafu nikachukua kipande cha pamba laini kisicho na harufu ya sabuni. Asubuhi na jioni, Mchele akiwa amelala ametulia, nilimpapasa nacho mashavu na pembe za mdomo taratibu, dakika moja tu. Akigeuza kichwa na kujisukuma kwenye kitambaa mwenyewe, niliendelea. Akirudisha masikio nyuma, niliacha. Kisha nikasugua kitambaa hicho kwenye miimo, miguu ya kochi na kona ya ukuta wa miswala, kwa kimo cha uso wake na si zaidi. Siku nne za kwanza hazikuleta kitu, na mara moja alirusha tena. Siku ya sita nilimwona akinusa mguu wa kochi, akafumba macho nusu, akalaza shavu. Mkojo wa mwisho ulikuwa siku ya kumi na moja. Niliendelea mpaka wiki tatu zikatimia.

Wageni ni habari yenye sura nyingine. Shangazi alipokuja kutoka Pangani kula Idi, Mchele alimwendea mkia juu, ncha imepinda kidogo, akajisugua kwenye miguu yake. Shangazi akavuta buibui: "Mtoeni, ana njaa huyu." Mkia juu na kusugua ni salamu ya paka kwa paka. Watoto humfanyia mama yao, na mdogo humfanyia mkubwa. Anachanganya harufu yake na ya mgeni, na mgeni kutoka safari amebeba harufu nyingi ngeni. Ila njaa nayo imo kidogo, kwa kuwa sisi wenyewe tumemfundisha: akitusugua jikoni, anapewa dagaa. Na salamu si ombi la kubebwa. Binamu yangu alimnyanyua kwa kudhani anataka, akaparuzwa mkono. Mgeni ateremshe mkono, amwache anuse, basi.

Kitu kimoja daktari alinisisitizia nisikichanganye na haya. Paka anayesimama na kugandamiza paji la kichwa ukutani, hasugui, hasogei, kama aliyesahau njia, huyo ni mgonjwa, na shida inaweza kuwa kwenye ubongo au ini. Huyo anapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Doa limerudi kwenye mwimo, shibiri moja kutoka sakafuni. Ijumaa nalipita na kitambaa changu bila kuligusa. Mwaka huu fundi anakuja tena kwa vyumba vya nyuma, na tumekubaliana apake kimoja, tusubiri wiki mbili, ndipo aanze kingine.