Jinsi binti yangu wa miaka kumi na miwili alivyokusanya zawadi za watoto wa darasa la awali

Binti yangu yuko darasa la sita. Wazo lilikuwa lake: shule ya msingi iliyo karibu nasi hapa Makorora, Tanga, ina darasa la awali, na alitaka kila mtoto wa darasa lile arudi nyumbani na kitu mkononi. Mimi nilikubali kwa sharti moja, kwamba kazi iwe yake. Yangu yangekuwa mambo mawili tu ambayo mtoto hapaswi kuachiwa: ruhusa na fedha. Nawaandikia wazazi wengine namna tulivyogawana, na hasa namna tulivyoamua nini kipewe mtoto na nini kipewe darasa, maana hapo ndipo mradi wa namna hii husimama au huanguka.

Tulianza kwa mwalimu mkuu, kabla hatujamwambia jirani hata mmoja. Binti aliandika barua kwa mkono, nami nikaongeza chini jina langu, namba ya simu na sahihi. Mwalimu mkuu alituelekeza kwa mwalimu wa awali, na mazungumzo yale yalikuwa na faida kuliko hatua nyingine yoyote. Tulihitaji kujua idadi. Rejista ilikuwa na watoto 64. Hatukuomba majina yao, wala habari za nani ana wazazi na nani hana. Binti alitaka kujua ni watoto gani wana shida zaidi ili awape zaidi, na mwalimu akamjibu vizuri: “Mwanangu, ukimpa mmoja zaidi, wenzake watamuuliza kwa nini. Na yeye jibu analijua.” Binti akaandika kwenye daftari lake: wote sawa. Tukapanga vifurushi 70, kwa sababu watoto huhamia katikati ya muhula, na hakuna jambo gumu kama kumweleza mtoto wa miaka mitano kwamba vimeisha na yeye ndiye wa mwisho kwenye mstari.

Mwalimu alisema pia darasa lake linakosa vitu gani. Madarasa ya awali huwa na kona za ujifunzaji: sehemu ya kuhesabu, sehemu ya kusoma, sehemu ya nyumbani ambako watoto huigiza kupika na kulea. Kona yake ya nyumbani ilikuwa na kifuu cha nazi na mwiko. Hapo ndipo mpango mzima ulipopata umbo. Vitu vya aina moja, vinavyolingana, vingekwenda mkononi mwa kila mtoto. Vitu visivyolingana, yaani mwanasesere mmoja, gari moja, kitabu kimoja cha picha, vingekwenda kwenye kona, viwe mali ya darasa. Kwa njia hiyo hakuna mchango uliokataliwa kwa sababu ya kuwa mmoja, na hakuna mtoto aliyepata gari huku jirani yake akipata penseli.

Kila mtoto angepata penseli mbili, daftari moja la kuchorea, na pakiti ya rangi za nta, zote ndani ya mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na mifuko ya karatasi hailali siku mbili kwenye mikono ya watoto hao. Fundi cherehani wa mtaani alitupa vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye kazi zake. Binti alikata na kushona kwa mkono, mshono wa kurudia, na shangazi yake akamaliza mingine kwa cherehani. Mdomo wa mfuko ulikuwa na kamba fupi. Fupi kwa makusudi: kamba ndefu mtoto huivaa shingoni.

Barua ya kuomba michango aliiandika mara moja, tukaitoa nakala. Ningependa mzazi anayesoma hapa aliangalie hili kwa makini, kwa sababu barua inayosema “chochote mtakachojaliwa” huleta chochote: viatu vilivyoisha soli, vikombe vyenye nyufa, nguo za watu wazima. Barua yake ilitaja vitu kwa majina na vipimo. Daftari la kurasa zisizo na mistari. Rangi za nta, pakiti ya rangi 12. Vitu vya kuchezea visivyotumia betri. Vitabu vya picha vyenye kurasa zote. Chini yake kulikuwa na sentensi moja: “Tafadhali msinipe fedha taslimu, mama anapokea kwa simu.” Alizunguka kwa baiskeli na kaka yake mdogo, nyumba za watu tunaowafahamu peke yake, saa za mchana, wakipokelea mlangoni bila kuingia ndani. Hakuna aliyebishana na mpango huo.

Kila kilichopokewa kiliandikwa siku ileile: jina la mtoaji, kitu, idadi. Daftari lile lilimfundisha binti mambo mengi, kwa sababu jioni alikuwa anajumlisha na kuona pengo. Pakiti za rangi 12 zilipatikana 22, na madaftari 31. Zilikuja pia pakiti za rangi sita, nzuri kabisa, lakini hazikuingia kwenye mifuko. Zilikwenda kona ya kuchora. Vilivyopungua tulivinunua Soko la Mgandini kwa bei ya jumla: pakiti 48 kwa shilingi 48,000, madaftari 39 kwa shilingi 15,600, na penseli dazeni 12 kwa shilingi 18,000. Uzi na kamba vikachukua shilingi 9,000. Michango ya simu ilikuwa shilingi 95,000, kwa hiyo tulibaki na 4,400.

Kazi ndefu ilikuwa kukagua vitu vya kuchezea. Watoto wa awali wana miaka mitano hivi, na mwalimu alitukumbusha kwamba kuna wakati kina mama huja kuwachukua wakiwa wamebeba wadogo zao, na wadogo hao hutia kila kitu mdomoni. Kipimo chetu kilikuwa kile kigogo cha katikati cha karatasi ya chooni. Kitu kinachopita ndani yake, au kipande kinachoweza kung’oka na kupita, hakiendi. Binti alivuta macho ya kila mwanasesere, magurudumu ya kila gari, vifungo vya kila nguo. Dubu mmoja mzuri sana jicho lake lilitoka kwa kuvutwa mara ya pili. Alilitoa na la pili, akadarizi macho kwa uzi mweusi, na dubu akaingia orodhani.

Vitu vyenye betri vilivyoletwa licha ya barua tuliviweka kando vyote, hasa vile vyenye betri ndogo za duara kama sarafu. Mtoto akimeza betri ile, ikakwama kooni, inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili, hata kama ni nzee na haiwashi tena taa. Kitu kikilia kwa muziki na kifuniko chake hakina skrubu, mimi sihitaji kufikiri zaidi. Sumaku ndogo nazo tuliziondoa, maana zikimezwa mbili hushikana ndani ya utumbo. Kazi hii niliifanya pamoja naye, sikumwachia.

Kisha kuosha. Vya plastiki viliingia kwenye maji ya sabuni, vikasuguliwa kwa mswaki wa zamani kwenye mikunjo, vikalowekwa kidogo kwenye maji yenye jiki, kijiko cha chakula kwa lita moja, vikasuuzwa na kuanikwa. Jiki niliimimina mimi. Midoli ya kitambaa ina taabu yake hapa Tanga, kwa sababu hewa yetu ya bahari ina unyevu na pamba ya ndani hukauka polepole kuliko ngozi ya nje. Nje unaona pamekavu, ndani kuna uvundo. Tulikuwa tunaubana mdoli kwa nguvu na kuunusa. Ukitoa harufu ya ukungu tuliufumua mshono, tukatoa pamba yote na kuweka mpya. Miwili haikufaa na hatukuilazimisha.

Siku ya kugawa ilipangwa na mwalimu, na alipanga kwa busara. Alikataa tugawe asubuhi, kwa sababu watoto wa darasa la kwanza hupita dirishani na wangeona wenzao wakipata. Awali hutoka mapema kuliko madarasa mengine, basi zawadi zilitolewa wakati wa kuondoka, mtoto akishika mfuko na kuelekea nyumbani. Vitu vya kona tulivipeleka jana yake na mwalimu akavipanga mwenyewe, watoto wakavikuta kama sehemu ya darasa lao.

Tatizo pekee tuliloliona mbele lilikuwa rangi za vitenge. Vilivyomo vilikuwa sawa, lakini mifuko ilikuwa ya kila rangi, na mtoto wa miaka mitano huangalia mfuko kabla ya kilichomo. Binti aliweka yote kwenye tenga kubwa, akalifunika kwa kanga, na kila mtoto akatia mkono na kutoa. Hakuna aliyechaguliwa, hivyo hakuna aliyenyimwa. Wachache walibadilishana huko nje, nasi tukawaacha. Alikuwa ameambiwa asisimame mbele na kutoa hotuba, bali aketi kwenye mkeka wao, asalimiane na kila mmoja na kumuuliza jina. Wengi walimwamkia “Shikamoo dada”, naye akaona haya kuitikia.

Suala la picha lilihitaji uamuzi wangu, kwa sababu baadhi ya waliochanga waliomba waone nyuso za watoto. Nilikataa. Wazazi wa watoto wale hawakuulizwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa zile nyeti. Zaidi ya sheria, sitaki mtoto wa mtu aonekane kwenye simu za mji mzima akiwa amenyoosha mkono. Tulipiga picha ya mifuko iliyopangwa kwenye mkeka nyumbani, na nyingine ya kona ya nyumbani kabla watoto hawajaingia. Zilitosha.

Siku hiyo watoto wanne hawakufika. Mifuko yao, pamoja na sita ya akiba, alibaki nayo mwalimu, kila mmoja umefungwa, na kabla muhula haujaisha alikuwa ameshatoa minane. Shilingi 4,400 zilizobaki binti alizinunulia vichongeo vya darasa, kwa sababu penseli 128 bila vichongeo huwa vijiti baada ya wiki chache. Kisha akaandika hesabu nzima kwenye ukurasa mmoja, mapato upande huu na matumizi upande ule, na kuipeleka nyumba kwa nyumba kwa baiskeli yake. Yule jirani aliyetoa pakiti ya rangi sita alionyeshwa mstari wake: kona ya kuchora, pakiti moja.