Ile 6.3 ya kwenye ikisiri

Juzi mpwa wangu, ambaye yuko kwenye hatua za mwisho za tasnifu yake, aliniuliza swali la haraka-haraka: "Shangazi, ikisiri naandika mwanzo au mwisho?" Nikamjibu kwamba muhtasari huo wa mwanzoni huandikwa mwisho, akashukuru, akaendelea na mambo yake. Mimi ndiye niliyebaki nikimuwaza yule daktari wa 6.3.

Wakati ule nilikuwa bado kwenye jarida la afya, kazi yangu ikiwa kusoma miswada iliyokwisha kukubaliwa kabla haijaenda kupangwa. Kuamua kama utafiti ni mzuri hakukunihusu. Hilo walishalimaliza wahakiki. Mimi nilitakiwa kuthibitisha kwamba kilichosemwa kwenye ikisiri kimo kweli ndani ya makala, na kwamba hakikutiwa chumvi njiani. Mhariri aliyenipokea alikuwa na sharti moja asilolegeza: ikisiri isomwe mwisho. Unaanza na malengo, yale yanayokaa mwishoni mwa utangulizi. Unakwenda kwenye mbinu kuona tokeo kuu ni lipi, yaani lile walilosema tangu mwanzo kwamba ndilo watakalopima ili kujibu swali lao. Kisha majedwali, kisha hitimisho. Halafu unaandika kwa maneno yako mwenyewe, sentensi mbili tu, nini kimeonekana. Ndipo unaruhusiwa kufungua ikisiri na kuiweka kando ya sentensi zako. "Ukianza na ikisiri, mwanangu," aliniambia, "majedwali yote utayasoma ukitafuta ulichokwisha kuambiwa."

Mswada wenyewe ulihusu ujumbe mfupi wa simu. Wagonjwa 400 wenye presha waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakawa wanapokea ujumbe wa kuwakumbusha dawa na kliniki, nusu wakaendelea na huduma ya kawaida. Tokeo kuu, kwa mujibu wa sehemu ya mbinu, lilikuwa presha baada ya miezi 6, ile namba ya juu. Mahudhurio ya kliniki yalitajwa kama tokeo la pili. Nilisoma, nikaandika sentensi zangu mbili, nikafungua ikisiri.

Ikisiri ilisema: "Katika kundi lililopokea ujumbe, shinikizo la damu lilipungua kwa milimita 6.3 za zebaki (p<0.001), na mahudhurio yaliongezeka kwa asilimia 20. Ujumbe mfupi unaboresha udhibiti wa shinikizo la damu."

Sentensi zangu zilisema tofauti haikuonekana.

Nilichukua kalamu nikaanza ile kazi ya kuchosha: kila dai kwenye ikisiri linapigiwa mstari, na pembeni yake unaandika limetoka jedwali gani, mstari gani, safu gani. Dai lisilo na anwani linarudishwa kwa mwandishi. Nilidhani 6.3 ingekosa anwani, nimalize mapema. Lakini ilikuwepo. Jedwali la 3, mstari wa kwanza, safu ya kundi la ujumbe: pungufu ya 6.3, na palepale p yake, ile namba inayoonyesha jinsi matokeo kama hayo yangekuwa nadra kama ni bahati tu: chini ya 0.001. Hakuna nukta iliyohama. Mtu anayelinganisha namba tu angeweka alama ya vema na kuendelea na mstari unaofuata.

Nikateleza jicho kulia, safu ya pili. Kundi la huduma ya kawaida, wale wasiopokea ujumbe wowote: pungufu ya 4.5. Nayo p chini ya 0.001.

Nilikaa hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Wagonjwa ambao hawakutumiwa hata neno moja nao presha yao ilikuwa imeshuka, na imeshuka vizuri tu. Ukifikiri, si ajabu. Watu hawa waliingizwa kwenye utafiti kwa sababu siku waliyopimwa presha ilikuwa juu. Presha ya mtu hupanda na kushuka yenyewe. Ukiwachagua watu siku ambayo iko juu, ukiwapima tena baadaye wengi watakuwa wameteremka kuelekea kawaida yao, hata usipowafanyia lolote. Ongeza na kule kujua tu kwamba uko kwenye utafiti. Ndiyo maana kundi la ulinganisho liliwekwa: kubeba mteremko huo ambao ungetokea vyovyote vile, ili kinachobaki kiwe kazi ya ujumbe.

Kilichobaki kilikuwa kwenye safu ya tatu. Tofauti kati ya makundi: 1.8. Masafa yake ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo ambamo tofauti ya kweli inaweza kuwa, yalianzia pungufu ya 5.1 hadi ongezeko la 1.5, sifuri ikiwa ndani: huenda hakuna tofauti kabisa. Thamani ya p, 0.29. Hilo ndilo lililokuwa jibu la swali lao, na hitimisho la makala lenyewe, kurasa kadhaa mbele, lilikiri waziwazi kwamba tofauti haikuwa na maana kitakwimu. Ikisiri ilikuwa imechukua safu ya kwanza, ikaziacha mbili.

Mengine yalikwenda haraka. Ile asilimia 20 ya mahudhurio ilitokana na asilimia 60 kulinganishwa na 50: ni kweli 60 inaizidi 50 kwa sehemu ya tano, lakini msomaji wa ikisiri ambaye haoni namba hizo mbili atadhani kati ya wagonjwa 100 wamejitokeza 20 zaidi, kumbe ni 10. Na wale 400 walikuwa ni walioandikishwa. Waliopimwa presha mwishoni walikuwa 352, na hao 48 waliopotea hawakutajwa popote kwenye ikisiri.

Nikampigia daktari. Nilitegemea ukali, nikakutana na mtu mpole aliyechoka.

"Lakini namba ni sahihi, dada," alisema. "Iko kwenye jedwali."

"Ni sahihi, daktari. Ila msomaji ataelewa kwamba imepunguzwa na ujumbe."

Kimya. Kisha akanieleza, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nisimkumbuke kwa ubaya. Ikisiri iliandikwa kabla ya makala. Kongamano lilikuwa na tarehe yake ya mwisho ya kupokea ikisiri, na siku hiyo fomu za kundi la ujumbe zilikuwa zimeshaingizwa kwenye kompyuta, za kundi la pili bado. Wakaandika walichokuwa nacho. Ikisiri ikakubaliwa, ikapongezwa, na makala ilipokuja kuandikwa ikabandikwa juu yake ilivyo. Waandishi wote walikuwa wameisoma mara nyingi mno kiasi kwamba hakuna aliyekuwa anaisoma tena.

Sikushangaa sana. Mwaka 1999 Roy Pitkin na wenzake walichapisha uchunguzi wa ikisiri za majarida sita makubwa ya tiba, wakakuta kwamba kati ya asilimia 18 na 68, kutegemea jarida, zilikuwa na takwimu zinazopingana na makala au zisizomo kabisa ndani yake. Lakini kipimo hicho 6.3 yetu ingekipita bila tatizo, kwa kuwa ilikuwemo na haikupingana na chochote. Ilikuwa ya jamii nyingine, ile aliyoifuatilia Isabelle Boutron na wenzake mwaka 2010: walichukua ripoti 72 za majaribio ambayo tokeo kuu halikuonyesha tofauti, wakakuta hitimisho la ikisiri limerembwa katika asilimia 58. Mojawapo ya njia za kuremba walizozieleza ni hiyohiyo, kuzungumzia mabadiliko ndani ya kundi moja na kunyamazia ulinganisho. Mwongozo wa CONSORT wa ikisiri za majaribio ulikuwa umeshatoka tangu 2008, ukitaka tokeo kuu litajwe kwa kila kundi. Hakuna aliyekuwa ameufungua, naamini, mpaka nilipoutuma.

Ikisiri mpya ilikuja kesho yake. Hapo ndipo kazi iliponigeukia, maana daktari, kwa haya au kwa hasira sijui, aliandika: "Ujumbe mfupi hausaidii kupunguza shinikizo la damu."

Hilo nalo halikuwa na anwani. Masafa yale yaliruhusu pungufu ya hadi milimita 5, na kwa presha, hiyo si kidogo. Jedwali halikusema ujumbe hausaidii. Lilisema utafiti wa ukubwa huu haukuweza kuonyesha kama unasaidia. Nikampigia tena, na safari hii nilimsikia akicheka. "Dada, kwanza nimesema sana, sasa nimesema kidogo?" Nikamwambia hapana, bado umesema sana, ila upande wa pili.

Tuliishia hapa: "Baada ya miezi 6, kati ya wagonjwa 400, 352 walipimwa. Shinikizo la damu lilipungua kwa milimita 6.3 katika kundi la ujumbe na 4.5 katika kundi la huduma ya kawaida. Tofauti ilikuwa 1.8 (masafa ya uhakika ya asilimia 95: pungufu ya 5.1 hadi ongezeko la 1.5). Mahudhurio yalikuwa asilimia 60 na 50." Na hitimisho: "Utafiti huu haukuonyesha kwamba ujumbe mfupi unapunguza shinikizo la damu kuliko huduma ya kawaida. Mahudhurio yaliongezeka." Kichwa cha makala nacho ilibidi kibadilike, kwa kuwa kilikuwa na neno "kuboresha" ndani yake. Wengi husahau kukikagua kichwa.

Nakiri ilikuwa ikisiri isiyovutia. Ile ya kwanza ungeikumbuka jioni. Hii ya pili ulihitaji kuisoma mara mbili. Na hatukugusa utafiti wenyewe: wale 48 hawakurudi kwa sababu tuliwataja, na kama vipimo vilichukuliwa vibaya, ikisiri yetu iliwakilisha kwa uaminifu vipimo vibaya. Mpaka leo sijui kama wasomaji hushukuru kwa kazi ya namna hii au huiruka tu.

Muda mrefu baadaye nililetewa mswada mwingine, wa watu wengine kabisa. Kwenye utangulizi nikaikuta: ujumbe mfupi hupunguza presha kwa milimita 6.3. Walikuwa wamenukuu kijitabu cha kongamano. Kile hakuna aliyekisahihisha, wala sikujua ningemwandikia nani. Nikawatumia makala iliyochapishwa, nikawaomba wanukuu hiyo. Walijibu kwa adabu na kurekebisha: utafiti wa awali, waliandika sasa, "ulionyesha mwelekeo wa kupungua" kwa presha. Ile 1.8 kweli iko upande wa kupungua, kwa hiyo sikuwa na jedwali la kuwapinga nalo. Nililipigia mstari lile neno "mwelekeo". Mhariri akalirudisha.