Mbwa wa Mgiriki aliyenikesha Nyegezi

Kidato cha sita walikuwa wamejibu swali la Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa: lilijaribuje kulinda amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na lilifanikiwa kwa kiasi gani? Madaftari hamsini na kitu, mbu wa Nyegezi wakinila miguu, na umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Nilishasahihisha arobaini kwa tochi ya simu. Arobaini zote zilisema lilishindwa kwa sababu halikuwa na jeshi. Mwongozo wetu wa kusahihisha nao ulisema hivyo hivyo, kwa hiyo mkono ulikuwa unatia vema wenyewe.

Ndipo nikafungua la kijana mmoja wa Igombe. Aya ya tatu inaanza: “Mwaka 1925 mbwa alivuka mpaka wa Ugiriki na Bulgaria.” Nilicheka peke yangu. Nikapiga mstari mwekundu mrefu, nikaandika “Hadithi!” na sifuri. Aya iliyofuata ikalinganisha jambo hilo na uvamizi wa Uhabeshi, yaani Ethiopia ya leo, nayo nikaifuta, maana ilisimama juu ya mbwa. Jumla 9 kwa 20. Nikalala nikijiona mkali.

Asubuhi kijana akaja stafu. “Shikamoo madam.” Marahaba. “Madam, ile ya mbwa siyo hadithi.” Alikuwa na kitabu cha babu yake, mwalimu mstaafu, kisicho na jalada. Mkuu wangu wa idara akadakia, bila hata kuinua macho kwenye chai: “Mwalimu, fuata mwongozo. Ukianza kusoma vitabu vya wanafunzi hutamaliza.” Ushauri huo umeniudhi mpaka leo.

Nilikisoma, kisha nikapanda daladala hadi maktaba mjini kulinganisha. Nauli na soda, elfu tatu hivi. Kisa ni cha kweli. Oktoba 1925 walinzi wa mpaka walirushiana risasi, askari wa Kigiriki wakafa, na jeshi la Ugiriki likaingia Bulgaria upande wa Petrich. Bulgaria haikujibu kwa vita kamili, ikapeleka shauri kwa Shirikisho. Baraza likakutana Paris chini ya Briand wa Ufaransa, likaipa Ugiriki saa 24 itoe amri ya kuondoka na saa 60 wawe wameshatoka. Wakatoka. Tume ikaenda kuchunguza, na Ugiriki ikalipa fidia ya pauni 45,000. Kuhusu mbwa, wasimulizi husema askari alikuwa akimfukuza mbwa wake, lakini wengine hawamtaji kabisa.

Sasa rudi kwenye aya niliyoifuta. Kijana aliandika kwamba mwaka 1925 Shirikisho halikuwa na jeshi, na 1935 Mussolini wa Italia alipovamia Uhabeshi pia halikuwa na jeshi. Mara moja likaweza, mara nyingine likashindwa. Basi jeshi peke yake halielezi. Nilikaa kimya pale maktaba. Mwongozo wetu wote ulikuwa umeangushwa na mtoto kwa sentensi tatu.

Alichokosa ni sababu yenyewe, na hapo ndipo nilipomkata kwa haki. Mwaka 1925 Uingereza na Ufaransa zilikuwa na sauti moja, na Ugiriki haikuwa na mkubwa wa kumtegemea. Mwaka 1935 wakubwa hao walimhitaji Mussolini dhidi ya Hitler. Vikwazo wakaweka, ila mafuta yakaachwa nje, na Mfereji wa Suez ukabaki wazi kwa meli za Italia. Ni sawa na kumpiga mtu marufuku ya kuvua huku unamuuzia petroli ya injini ya mtumbwi. Hata Wagiriki walishaonja upendeleo huo: 1923 Italia ilipopiga mabomu kisiwa chao cha Corfu, aliyeishia kulipa alikuwa Mgiriki.

Nikaanza upya madaftari yote (ndiyo, yote), nikitumia ujanja mmoja. Kila mwanafunzi aliyeandika “halikuwa na jeshi” nilimtafutia: je, ametaja tukio, mwaka, na kilichofuata? Asiye na tukio alipata nusu ya alama za hoja. Waliochanganya Shirikisho na Umoja wa Mataifa wa 1945 walijifichua wenyewe, kwani waliandika “kura ya turufu” na “Baraza la Usalama”. Katika Shirikisho kizuizi kilikuwa kingine: maamuzi mazito yalitaka wajumbe wa Baraza wakubaliane wote.

Mkuu wa idara alinuna siku mbili. Kijana akapanda kutoka 9 hadi 13. Alipopokea daftari aligeuza kurasa haraka, akauliza: “Madam, mbona hoja ya mbwa bado haina alama?”

“Hoja ina alama. Mbwa ndiye hana. Andika ‘inasemekana’, halafu uniletee tena kile kitabu cha babu.”